Barua kwa watoto wa mama wa kitanda cha dirishani

Dada, shikamoo. Nanyi wadogo zangu, habari za tangu juzi.

Mimi ni yule mliyenikuta Jumanne kwenye benchi la chumba cha mazoezi, nikiwa na mzee wa baraghashia. Mlikuwa mnabishana kwa sauti ya chini. Mmoja alisema mama anaacha nusu ya uji makusudi, mwingine akasema jicho lake la kushoto limekufa, na mjomba wenu akatoa neno ambalo sitaliandika hapa. Nilitaka kuingilia, lakini zamu yetu ikaitwa. Usiku sikupata usingizi vizuri, maana sisi nasi tulibishana hivyo hivyo kwa majuma matatu, na aliyeumia kwa ubishi wetu alikuwa mgonjwa.

Baba yangu ni fundi mitumbwi. Amechonga na kuziba mitumbwi Igombe tangu mimi sijazaliwa. Mwaka juzi, mwezi wa nne, alianguka alfajiri akiwa anavaa viatu. Hospitali wakasema ni kiharusi, upande wa kulia wa ubongo. Kwa kuwa upande wa kulia wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kushoto wa mwili, mkono na mguu wake wa kushoto vililegea. Hilo tulilielewa upesi, kila mtu ameshaona mtu aliyepooza.

Ambacho hatukukielewa ni sahani. Wifi yangu alimpikia ugali na sato wa kuchemsha. Baba alikula, akanawa, akasema ameshiba. Tukitazama, nusu ya ugali ya upande wa kulia imekwisha kabisa, na nusu ya kushoto haijaguswa, samaki akiwemo. Ilikuwa kama mtu amepitisha kisu katikati. Siku ya pili vile vile. Wifi akaanza kununa, akidhani mzee hapendi mapishi yake, na kaka akamwambia Baba maneno ambayo mpaka leo anayajutia. Siku ya nne mtoto wa jirani, wala si mtu mzima, alikuwa anatoa vyombo akaizungusha sahani ili aishike vizuri. Baba akashtuka: "Kumbe kuna samaki mwingine!" Akala mpaka mfupa.

Ndugu zangu, jambo zima la mama yenu limo katika sahani ile.

Wataalamu huliita kupuuza upande wa kushoto. Mimi neno "kupuuza" silipendi, kwa sababu anayepuuza kitu anakijua kipo. Baba hakujua kama kipo. Macho yake yalikuwa mazima. Taswira ya samaki iliingia machoni kama kawaida, lakini ile sehemu ya ubongo inayosema "angalia kule, kuna kitu" ndiyo iliyoumia. Sehemu hiyo, kwa watu wengi, iko zaidi upande wa kulia wa ubongo, nyuma kidogo na juu ya sikio. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo nacho kinaweza kumsahaulisha mtu upande wa kulia, ila mara nyingi huwa si kikali na hupona mapema zaidi.

Kuna jambo lilitudanganya sana, na naona linawadanganya ninyi pia. Mama yenu anaongea vizuri. Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, kwa hiyo aliyeumia kulia hubaki na maneno yake yote, utani wake, na majina ya wajukuu. Mkimsikia anavyojibu hoja, mnaona akili iko timamu, basi akiacha nusu ya uji mnasema ni ukaidi. Mgonjwa asiyeweza kusema hata jina lake anahurumiwa. Wa kwenu anagombezwa.

Kuhusu jicho, sisi tulipoteza pesa. Mtu mmoja alitushauri tukanunue miwani, tukanunua, na Baba akaendelea kula nusu sahani akiwa na miwani. Tofauti yenyewe mnaweza kuanza kuiona wenyewe nyumbani. Mtu ambaye kweli haoni upande mmoja, baada ya siku kadhaa hujishtukia, akaanza kugeuza kichwa kufidia. Anakwambia, "Huku sioni." Mwenye tatizo la Baba halalamiki wala hageuki. Jaribuni kumsalimia mama mkiwa mmesimama kushoto kwake, na mtu mwingine akiwa kulia, kimya. Baba nilipomwamkia hivyo, alimjibu mjomba aliyekuwa kulia: "Marahaba, mwanangu." Mjomba ana ndevu. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Hata hivyo mwombeni daktari ampime macho, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja.

Tena si macho tu. Baada ya miezi miwili nilimwambia Baba afumbe macho, ajione amesimama getini kwetu akiitazama nyumba, anitajie vilivyomo uani. Akataja tangi la maji, kamba ya nguo na banda la kuku. Hivyo vyote viko kulia. Mwembe na jiko la nje, vilivyo kushoto, hakuvitaja. Nikamwambia sasa ajione amesimama mlangoni akilitazama geti. Akataja mwembe na jiko la nje, na tangi likapotea! Uani kwake mwenyewe, alikoishi miaka 30. Baadaye mtaalamu wetu alinieleza kwamba watafiti wawili wa Kiitalia, Bisiach na Luzzatti, waliandika jambo hili hili mwaka 1978. Waliwaambia wagonjwa wa Milano wajione wamesimama kwenye uwanja wa kanisa kuu la mji ule, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili, na kila mara majengo ya kushoto yaliachwa. Siku ile ndipo kaka aliponyamaza. Mtu hawezi kufanya makusudi ndani ya kichwa chake huku amefumba macho.

Sasa lile neno la mjomba wenu. Nahisi mama amesema kitu kuhusu mkono wake. Usiku wa sita Baba aliniamsha: "Mwambie huyo jamaa atoe mkono wake kitandani kwangu." Mkono wenyewe ulikuwa wake wa kushoto. Shangazi yetu alikuwepo, na kesho yake tayari kulikuwa na mpango wa kumtorosha kwa mganga. Mpango ulishindikana kwa sababu ya nauli tu, nashukuru. Kumbe hilo nalo linajulikana. Ubongo ukiacha kupokea habari za upande mmoja, mkono ule unaonekana kama kitu cha mgeni. Wengine hawaukatai mkono, ila wanakataa kuwa wamepooza. Ukimwuliza kwa nini hainuki, anakwambia amechoka leo. Msibishane naye. Sisi tulichofundishwa ni kuushika mkono wake wa kulia, kuupeleka begani kushoto, na kuuteremsha polepole mpaka kwenye vidole, tukitaja: bega, kiwiko, kifundo, pete yako hii hapa. Ile pete ndiyo iliyomshika. Baada ya siku kama kumi hakumtaja tena yule jamaa.

Nije kwenye mazoezi, maana ndiyo mliyoyafuata.

Mtakutana na watu wawili. Wa kwanza ni wa kusimamisha na kutembeza. Wa pili ni yule wa tiba kwa vitendo, anayefundisha mgonjwa kula, kuoga na kuvaa. Huyu wa pili msimkose hata kama foleni yake ni ndefu, kwa sababu tatizo la mama linaonekana zaidi kwenye vitendo kuliko kwenye nguvu za mguu. Atampa karatasi yenye mistari aigawe katikati, na mgonjwa ataweka alama kulia mno. Atamwambia achore saa, na namba zote 12 zitabanana upande wa kulia. Msicheke, na msimwelekeze wakati anapimwa. Dada yangu alimnong'oneza Baba, ikabidi karatasi irudiwe.

Zoezi lililotubeba sisi lilikuwa la sinia na maharage. Tulitandaza punje 40 kwenye sinia, zikienea pande zote, tukaliweka mbele yake katikati. Akaambiwa aokote zote kwa mkono wa kulia, azitie kwenye kikombe. Siku ya kwanza aliokota 14, zote za kulia, akasema, "Tayari." Nikamwambia, "Baba, kushoto." Akageuka kidogo, akafika katikati, akaridhika. Ndivyo inavyokuwa. Kwake kushoto ndipo pale anapoishia kuona, na pale ndipo katikati petu.

Mtaalamu akakata kipande cha khanga nyekundu, upana wa vidole vitatu, akakibandika wima kwenye sinia. Hakukibandika ukingoni, alikiweka karibu na katikati, mahali Baba anapoweza kukifikia bila kuhangaika. Sheria ikawa moja: kabla ya kuokota punje yoyote, weka kidole kwenye nyekundu, uione kwa macho, halafu anzia hapo kwenda kulia. Akizoea, tunasogeza kitambaa kushoto kama upana wa kiganja. Ikichukua siku tatu, sawa. Ikichukua siku nane, sawa. Mpaka kitambaa kikafika ukingoni.

Baba aliweza kutikisa kidole cha shahada cha kushoto, basi mtaalamu akataka ule mkono uwekwe mezani upande wake, kando ya kitambaa, na kile kidole kigonge meza mara kadhaa kabla ya kuanza. Kiungo kinachojongea upande ule husaidia kuyavuta mawazo kwenda kule. Kama mkono wa mama hautikisiki kabisa, uwekeni mezani hata hivyo, usining'inie.

Akimaliza, msizoe punje zilizobaki mkaondoka. Hili ndilo kosa tulilolifanya wiki ya kwanza. Asipoonyeshwa zilizobaki, anaamini amemaliza, na kesho hana sababu ya kutafuta zaidi. Zihesabuni naye, mumwongoze kidole mpaka azione. Baba alikasirika mara ya kwanza, akadhani tumeziongeza kwa siri. Tukaanza kumpa sinia alitandaze mwenyewe.

Tulifanya dakika 15 hivi asubuhi na 15 alasiri. Baada ya majuma mawili alifika 31. Jioni moja wageni wamejaa, televisheni inanguruma upande wa kulia, akarudi 22. Nililia. Mtaalamu akacheka kidogo, akaniambia mgonjwa huyu vitu vikiwa pande zote mbili kwa pamoja, cha kulia humnyang'anya cha kushoto. Ongeza uchovu, basi. Kwa hiyo wakati wa zoezi zimeni televisheni, ondoeni watu na vyombo upande wa kulia, na msimpangie jambo zito jioni.

Wiki ya tano aliokota 38. Nikadhani tumemaliza. Asubuhi yake akanyoa ndevu, akatoka nje na nusu ya uso imenyolewa, nusu nyeupe. Ujuzi wa sinia ulibaki kwenye sinia. Hauhami wenyewe kwenda kwenye ndevu, wala kwenye sahani, wala kwenye mlango. Kila jambo tulilifundisha peke yake: utepe mwekundu ukingoni mwa kioo, alama nyekundu kwenye fremu ya mlango alipokuwa akijigonga bega, mstari mwekundu pembeni ya ukurasa ili ajue mstari wa maandishi unaanzia wapi. Mama yenu, kama nilivyosikia, anauza dagaa Mwaloni. Basi akipata nafuu, mpeni fungu la dagaa achambue. Litamfaa zaidi kuliko maharage yangu.

Mtajiuliza kuhusu sahani: tuizungushe au tusiizungushe? Sisi tuligombana hapa. Maoni yangu ni kwamba majuma ya mwanzo izungusheni, ale ashibe, apate nguvu. Akishaanza kukipata kitambaa chekundu, acheni kuizungusha. Mwambieni atafute ukingo wa sahani kwa kidole. Atakula polepole na chakula kitapoa, vumilieni. Kitanda nacho ni hivyo hivyo. Maji ya kunywa, simu na kengele ya kuwaitia viwe kulia daima, kwa sababu usiku si wakati wa kufundishana. Lakini mchana, mkitaka kuzungumza naye, anzieni mbele yake, mkishamshika macho jongeeni taratibu kuelekea kushoto huku mnaongea, macho yake yawafuate. Msimvizie kutoka kushoto na kumgusa ghafla, atashtuka.

Hatari ni chache ila mzikariri. Kiti cha magurudumu: Baba alifunga breki ya kulia, akasahau ya kushoto, akainuka, kiti kikazunguka akaanguka nacho. Hakuvunjika, lakini tangu hapo breki ya kushoto tuliiongezea kipande cha bomba la plastiki, ikawa ndefu na nyekundu, na kabla ya kuinuka lazima aiguse. Tazameni mguu wa kushoto usiburuzike chini na vidole visiingie kwenye gurudumu. Msimwinue kwa kuuvuta mkono wa kushoto, bega lililolegea hutoka mahali pake kirahisi na maumivu yake hukaa miezi. Jiko la mkaa, chai ya moto na maji ya kuoga visikae kushoto kwake. Anaweza kuungua asijue.

Na barabara. Hapa kwetu magari yanaenda kushoto, kwa hiyo ukitaka kuvuka, ya kwanza hutokea kulia. Hayo mama atayaona vizuri sana, atayapisha, na ninyi mtasema amepona. Akifika katikati, bodaboda inatokea kushoto. Mpaka leo Baba havuki peke yake, na pikipiki yake niliiuza mimi. Bado hajanisamehe.

Mtarajie nini? Nafuu kubwa huja majuma ya mwanzo mpaka mwezi wa tatu hivi, kisha mwendo unapungua bila kusimama. Wengi hupata nafuu nzuri, lakini si wachache wanaobaki na alama zake hata baada ya mwaka. Mwenye tatizo hili huchukua muda mrefu zaidi kujitegemea kuliko mwenye kupooza kwa kiasi kile kile asiyekuwa nalo, kwa hiyo msimlinganishe mama na yule mzee wa kitanda cha mlangoni aliyeondoka anatembea. Mtu atawaambia kuna miwani ya prizimu, inayosogeza kila kitu kulia ili mkono ujifunze kwenda kushoto. Ni kweli ipo na imefanyiwa utafiti, lakini matokeo yake katika maisha ya kila siku yanapishana. Sisi hatukuipata, na sijutii. Dawa za presha ndizo msizokosa hata siku moja, na mama akibadilika ghafla, akazidi kulegea au kusinzia, msisubiri siku ya kliniki.

Baba sasa anakula sahani nzima. Nyumbani hajigongi. Mwezi uliopita tulimpeleka Igombe, upepo, watu, kelele za injini, na alipopewa randa akaupiga randa ubao wa mtumbwi nusu ya kulia, laini kama kioo, nusu ya kushoto ikabaki na magome. Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa anatazama pembeni, hakusema kitu. Akatoa chaki nyekundu mfukoni, akachora mstari ukingoni kushoto. Baba akaugusa kwa kidole, akaanza upya.

Alhamisi tutakuwepo pale kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi. Njooni na sinia, kipande cha khanga nitakileta mimi.